Soja, yai, nyama na maharagi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapishi na wasagaji wa masoso, Bukavu

Watu husema soja ni nyama ya maskini. Ni kweli, au ni maneno ya kuuzia?

Ni kweli kwa sharti moja: iwe imeiva. Soja kavu ina karibu gramu 37 za protini katika gramu 100. Maharagi makavu yana 22 hivi, karanga 25, nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta 21, na yai moja la kawaida lina gramu 6. Ukitazama namba hizo peke yake utadhani soja imewaacha wote nyuma. Lakini protini iliyo ndani ya punje si lazima iwe protini inayofika kwenye damu ya mtoto. Kuna maswali mawili ya kuuliza kabla ya kulinganisha: tumbo linaimeng'enya kiasi gani, na je, inaleta asidi amino zote, yaani vipande vinavyojenga protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea?

Kwenye swali la pili soja inafanya vizuri kuliko nafaka na kuliko jamii nyingine nyingi za kunde. Kwenye la kwanza, jibu liko kwa anayepika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu moto na maji.

Ubora huo hupimwaje? Nimeona neno PDCAAS kwenye karatasi ya mafunzo.

Ni alama iliyopendekezwa na FAO na OMS mwaka 1991. Wanachukua chakula, wanatazama asidi amino iliyo pungufu zaidi ukilinganisha na mahitaji ya mtoto mdogo, kisha wanazidisha na sehemu ya protini inayomeng'enywa. Alama ya juu kabisa ni 1.00, na kinachozidi hapo kinakatwa. Yai linapata 1.00. Nyama ya ng'ombe iko kwenye 0.92. Unga wa soja ulioiva vizuri huwa kati ya 0.85 na 0.90, maharagi yako karibu na 0.65, karanga karibu na 0.50, na mahindi peke yake karibu na 0.40.

Zamani soja ilikuwa ikidharauliwa, na sababu yake inachekesha kidogo. Ubora ulipimwa kwa panya wachanga: walilishwa protini moja, kisha ikatazamwa wameongezeka uzito kiasi gani. Panya ana manyoya mwili mzima, na manyoya yanataka asidi amino zenye salfa, yaani metionini na sisteini. Hizo ndizo zilizo chache kwenye soja. Basi soja ikaonekana dhaifu kwa sababu ya manyoya ya panya, wakati mtoto wa mtu hana haja hiyo kwa kiasi hicho.

Mwaka 2013 FAO ilipendekeza kipimo kipya, DIAAS, kinachotazama kilichofyonzwa hadi mwisho wa utumbo mwembamba, na hakikati alama kwenye 1.00. Hapo yai na nyama hupanda juu ya 1, soja hubaki chini yao kidogo, na maharagi na karanga huachwa mbali. Mpangilio haubadiliki.

Tuambieni kwa lugha ya sokoni: yai moja ni sawa na soja kiasi gani?

Kwa protini inayotumika na mwili, yai moja ni sawa na karibu gramu 20 za soja kavu iliyopikwa ikaiva. Kwa nyama mbichi ungehitaji gramu 30 hivi, kwa maharagi makavu gramu 40 na kitu, kwa karanga karibu gramu 50. Gramu 20 za soja zinakaa kwenye kiganja cha mtu mzima. Pitia soko la Kadutu ukaulize bei ya kopo la soja na bei ya yai siku hiyohiyo, hesabu utaimaliza mwenyewe.

Lakini hesabu hiyo ni ya protini tu. Yai na nyama zina vitamini B12, na soja haina. Yai lina vitamini A iliyo tayari kutumika. Chuma na zinki za nyama huingia mwilini kwa urahisi, ilhali zile za soja zimeshikwa na fitati, kitu kilichomo ndani ya punje, na sehemu kubwa hutoka bila kutumika. Kwa hiyo soja inaweza kuchukua nafasi ya yai kwenye safu ya protini, na ikaliacha yai mahali pake kwenye safu nyingine.

Soja mbichi ina kasoro gani hasa?

Ndani ya punje kuna protini ndogo zinazoitwa vizuizi vya tripsini. Tripsini ni kimeng'enya kinachotolewa na kongosho ili kukatakata protini ya chakula. Kizuizi hicho hujibandika kwenye tripsini na kuifunga. Kongosho likiona kazi haiendi, linatoa tripsini nyingine, nayo inafungwa. Kila tone linalotoka lina asidi amino zenye salfa, zilezile ambazo soja ina chache. Basi mlaji anapata hasara mara mbili: protini ya soja inapita bila kumeng'enywa, na protini ya mwili wake inapotea nayo chooni.

Wafugaji wa kuku wanaujua ugonjwa huu bila kuujua jina. Vifaranga wanaolishwa soja mbichi iliyosagwa wanakula vizuri, wanaharisha, hawakui, na ukimpasua mmoja unakuta kongosho limevimba. Mwaka 1917 watafiti Osborne na Mendel walionyesha kwamba panya hawakui kwa soja mbichi, lakini wanakua kwa soja iliyopikwa. Jambo hilo halijabadilika tangu hapo.

Maharagi nayo yana vizuizi na lektini, protini inayodhuru utumbo, tena lektini ya maharagi mekundu ni kali zaidi. Lakini hakuna mtu anayekula maharagi mabichi, maana ni magumu. Soja ndiyo inayosagwa unga kabla ya kupikwa, na hapo ndipo shida inapoingia nyumbani.

Kwa nini mnasema Bukavu ipike muda mrefu kuliko vitabu vinavyosema?

Kwa sababu ya mwinuko. Vitabu vingi vinahesabu maji yanayochemka kwenye nyuzi 100. Bukavu na Goma ziko karibu na mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka karibu na nyuzi 95. Lubumbashi iko chini kidogo, mita 1,200 hivi, na maji yake huchemka karibu na 96. Nyuzi tano zinaonekana kidogo, lakini kuharibu vizuizi ni kazi ya joto na muda kwa pamoja. Joto likipungua, muda lazima urefuke. Kuongeza makala kwenye mbabula hakusaidii: maji yatachemka kwa fujo zaidi, joto litabaki palepale.

Kitabu kikisema dakika 20 kwa soja iliyoloweshwa, hapa hesabu 40. Na saa ianze pale maji yanaporudi kuchemka baada ya kumwaga soja, maana punje baridi hushusha joto la sufuria.

Basi tupeni njia kamili ya kutengeneza soja ya masoso, yaani unga wa uji wa mahindi, mtama na soja.

Chukua kilo moja ya soja. Chambua, utoe mawe, punje nyeusi, zilizooza na zilizotobolewa na wadudu. Osha mara mbili. Lowesha kwenye maji lita 3 kuanzia jioni hadi asubuhi, saa 10 au 12. Punje zitavimba na kuwa ndefu kama kidole kidogo cha mtoto mchanga. Ukiikata moja katikati, isiwe na kiini kikavu cheupe. Kiini kikavu ni dalili kwamba joto halitafika ndani, kwa kuwa unyevu ndio unaosaidia joto kuvunja kizuizi. Mwaga maji hayo.

Chemsha lita 4 za maji mapya kwanza, kisha ndipo umwage soja. Usianzie na maji baridi. Soja ina kimeng'enya kinachochachisha mafuta yake na kutoa ile harufu ya majani mabichi ambayo watoto wanaikataa. Ikiingia kwenye maji ya moto kinakufa haraka, ikipashwa polepole kinapata nafasi ya kufanya kazi. Dakika 40 za kuchemka kweli, huku ukitoa povu.

Chuja, tia kwenye maji baridi, sugua kwa viganja. Maganda yatapanda juu, yamwage. Maganda ni nyuzi ngumu zisizo na faida kwa tumbo la mtoto, na kuyatoa kunaongeza kumeng'enyeka. Anika juani kwenye turubai, tabaka moja, siku mbili au tatu, hadi punje ivunjike kwa jino kwa sauti. Kwenye msimu wa mvua hapa ndipo kazi nyingi huharibika: soja iliyokaa na unyevu hushika ukungu, na soja yenye ukungu haiokolewi kwa kukaangwa.

Mwishoni kaanga kidogo kwa moto mdogo, dakika 10 hivi, ukigeuza bila kuacha, hadi rangi iwe ya dhahabu na harufu iwe kama ya karanga. Kisha peleka kwenye mashine. Kutoka kilo moja utapata pungufu ya kilo, kwa sababu ya maganda na yale yaliyoyeyuka kwenye maji.

Kwa nini tusikaange tu moja kwa moja? Ni haraka, na makala ni ghali.

Wengi wanafanya hivyo, na hilo ndilo kosa tunalokutana nalo mara nyingi zaidi kwenye unga wa sokoni. Joto kavu haliharibu vizuizi kama joto lenye unyevu. Kikaango kinachoma ganda huku katikati ya punje kukiwa bado kubichi. Mkaangaji akiona rangi imekolea anaepua, na unga unakuwa na harufu nzuri ilhali sehemu ya vizuizi ingali hai.

Akijaribu kurekebisha kwa kukaanga zaidi, anaangukia upande wa pili. Soja iliyokuwa kahawia kama kahawa imepoteza lisini, mojawapo ya zile asidi amino. Lisini hushikana na sukari za punje kwenye joto kali, na tumbo haliwezi tena kuwatenganisha. Lisini ndiyo sababu ya kuitia soja kwenye mahindi. Ukiichoma umebaki na rangi, harufu na mafuta.

Nitajuaje unga niliouziwa umeiva?

Onja kwanza. Unga mbichi una uchungu na ladha ya maharagi mabichi inayobaki kooni. Rangi ni ya kimanjano iliyopauka. Lakini ulimi unadanganywa na kukaanga, kwa hiyo kuna kipimo kingine ambacho viwanda vya chakula cha mifugo hutumia kwa namna yao: ureazi. Hiki ni kimeng'enya cha soja mbichi kinachogeuza urea kuwa amonia, na kinakufa kwa joto karibu sawa na vizuizi vya tripsini.

Chukua vyombo viwili vya kioo vyenye vifuniko. Kwenye kimoja tia kijiko cha chakula cha unga unaoushuku. Kwenye kingine tia kijiko cha soja unayojua ni mbichi, uliyosaga mwenyewe. Katika kila kimoja ongeza nusu kijiko cha chai cha urea, ile mbolea nyeupe ya punje, na nusu glasi ya maji vuguvugu. Koroga, funika, weka mahali penye joto kwa nusu saa. Fungua, unuse kwa kupunga mkono juu ya chombo, usiingize pua. Chombo cha soja mbichi kitakupiga na harufu ya mkojo wa mbuzi. Kama chombo cha unga unaoushuku kinanuka vilevile, unga huo haukuiva. Kama hakinuki, umepata joto la kutosha.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kinakuambia kama joto lilikuwa dogo. Hakikuambii kama lilizidi, kwa sababu soja iliyoungua nayo hainuki. Upande huo utazame rangi. Na vyote viwili vimwage, visiliwe na mtu wala mnyama, na vyombo visirudi jikoni.

Unga ukigundulika haukuiva, niutupe?

Hapana. Upike. Koroga na maji baridi, kisha uchemshe kwa dakika 30 au zaidi ukikoroga, kabla ya kuongeza unga wa mahindi. Punje ikishasagwa joto na maji vinafika kila mahali, kwa hiyo unga unaiva upesi kuliko punje nzima. Harufu ya majani haitaondoka yote, lakini protini itakuwa imeokoka. Kosa ni kuutia unga huo kwenye sombe dakika tano kabla ya kuepua.

Kwa nini masoso, na si soja peke yake? Na vipimo vyake vinatoka wapi?

Mahindi na mtama vina lisini chache. Soja inayo nyingi. Soja ina metionini chache. Mahindi yanayo ya kutosha. Kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na hilo linaonekana kwa hesabu.

Chukua kilo moja ya masoso: mahindi gramu 500, mtama gramu 200, soja iliyoandaliwa gramu 300. Mahindi yanaleta karibu gramu 45 za protini, mtama 21, soja 111. Jumla ni 177. Sasa lisini. Kila gramu ya protini ya mahindi ina miligramu 27 hivi za lisini, ya mtama 20, ya soja 63. Ukichanganya yote unapata karibu miligramu 49 kwa kila gramu ya protini. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3 anahitaji 57. Kwa hiyo mchanganyiko unafikia asilimia 85 ya hitaji. Zidisha na sehemu inayomeng'enywa, karibu asilimia 84, upate alama ya 0.72.

Protini inayotumika basi ni 177 mara 0.72, yaani gramu 127. Kilo ya mahindi matupu ina gramu 90 za protini kwa alama ya 0.40, zinabaki 36. Umetia soja gramu 300 tu, na protini inayotumika imezidi mara tatu. Gramu 127 ni sawa na mayai 21. Gramu 50 za unga huo, zikipikwa kwa maji glasi moja na nusu hadi uji uwe mzito, zinampa mtoto protini ya yai moja. Wa mwaka mmoja huenda akaumaliza kwa awamu mbili.

Ukishusha soja hadi gramu 100 kwa kilo, kama wanavyofanya baadhi ya wauzaji ili kupunguza gharama, jina linabaki masoso na uji unabaki wa mahindi.

Sambaza iliyosagwa ikiongezwa, inabadilisha nini?

Inaleta lisini, metionini, zinki na B12 kwa pamoja, na inamalizia pengo lililobaki hapo juu. Kijiko cha sambaza kavu, iliyosagwa nzima, kwa bakuli moja kinatosha. Itie uji ukiwa bado motoni. Usiisage ndani ya unga wa akiba, kwani mafuta yake yanachacha upesi.

Maziwa ya soja na tofu vinameng'enyeka kuliko punje?

Ndiyo, kwa kuwa nyuzi nyingi zimebaki kwenye makapi. Mtego uko kwenye kupika. Maziwa ya soja yanapofika nyuzi 85 au 90 hutoa povu jeupe linalopanda hadi ukingo wa sufuria, na mpishi anadhani yamechemka. Hayajachemka. Punguza moto, koroga povu lishuke, subiri hadi uone mapovu makubwa yakipasuka kutoka chini, halafu hesabu dakika 20. Mtu aliyekunywa maziwa yaliyoepuliwa kwenye povu la kwanza anajulikana kwa tumbo kujaa na kuharisha, kisha anasema soja haimpendi.

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe. Maziwa haya si badala ya ziwa la mama.

Mtoto ana bwaki. Tumpe soja kiasi gani?

Mtoto mwenye miguu iliyovimba, nywele zilizobadilika rangi na asiyetaka kula apelekwe kituo cha afya siku hiyo. Mwili wake katika hali hiyo haubebi protini nyingi kwa ghafla, na kuna chakula cha tiba kilichopimwa kwa ajili yake. Masoso yanarudi baadaye, mhudumu akisharuhusu.

Unga hukaa muda gani?

Soja ina mafuta karibu asilimia 20, kwa hiyo unga wake hauvumilii kama wa mahindi. Kwenye ndoo yenye kifuniko, mahali pakavu pasipo jua, mwezi mmoja ni salama. Ukianza kunuka kama mafuta ya zamani, umechacha. Ni afadhali kuhifadhi punje zilizokwisha kuchemshwa na kukaushwa, na kusaga za wiki mbili kila mara.